Der, die au das: kuitambua jinsia ya nomino ya Kijerumani kutokana na mwisho wake na maana yake

Kila anayeanza kujifunza Kijerumani huambiwa tangu juma la kwanza kwamba asihifadhi nomino peke yake, bali aihifadhi pamoja na artikeli yake: der Tisch (meza), die Lampe (taa), das Buch (kitabu). Agizo hilo ni sahihi, nami huwapa wanafunzi wangu wapya agizo hilohilo. Likitolewa bila maelezo, hata hivyo, humfanya mwanafunzi aamini kwamba Wajerumani waligawa jinsia za nomino zao ovyo, akaanza kukariri kila neno kama namba ya simu, na baada ya miezi michache akachoka. Maneno mafupi ya silabi moja, kama Tisch na Buch, kweli hayakuambii mengi, na hayo hayana budi kukaririwa. Lakini nomino ndefu, hasa zile utakazokutana nazo kwenye barua za ofisi, hospitalini, darasani na magazetini, kwa sehemu kubwa hujitaja jinsia zenyewe, na anayejua mahali pa kutazama huijua artikeli ya neno ambalo hajapata kuliona kabla ya siku hiyo.

Mahali pa kutazama ni mwishoni. Sisi tumezoea kuona kundi la nomino mwanzoni mwake, kwa kuwa ngeli zetu huonekana kwenye kiambishi awali, na kutoka hapo upatanisho huenea sentensi nzima: kitabu kikubwa kimepotea. Kijerumani kina makundi matatu tu, ambayo kwa desturi huitwa jinsia ya kiume (der), ya kike (die) na ya kati (das), na upatanisho wake huonekana kwenye artikeli, kivumishi na kiwakilishi, wala haukigusi kitenzi. Kwa hiyo wazo la nomino kutawala maneno mengine si geni kwako. Unalohitaji ni kuyahamisha macho kutoka mwanzo wa neno hadi mwisho wake, na kuyasahau kabisa majina ya "kiume" na "kike" pale nomino inapotaja kitu kisicho na uhai.

Nianze na mwisho wa -ung, kwa sababu ndio utakaokutana nao kila siku na kwa sababu unafundisha kanuni iliyo chini ya karibu kanuni zote nyingine. Nomino zinazoundwa kwa -ung ni za die: die Wohnung (nyumba ya kupanga), die Rechnung (ankara), die Heizung (mfumo wa kupashia nyumba joto), die Versicherung (bima), die Anmeldung (uandikishaji). Mwalimu akisema hivyo, mwanafunzi makini ataleta darasani neno der Sprung (mruko), au der Aufschwung (kustawi kwa uchumi) alilolisoma gazetini, na kuuliza kwa nini kanuni imevunjika. Haikuvunjika. Ondoa -ung kwenye Wohnung, weka -en, utapata wohnen, kitenzi cha kuishi mahali. Fanya vivyo hivyo kwa Rechnung utapata rechnen, kupiga hesabu. Kwa Heizung utapata heizen, kupasha joto. Sasa ondoa -ung kwenye Sprung. Kinachobaki ni Spr, ambacho hata kutamkika hakitamkiki. Kwenye Sprung na Schwung herufi hizo tatu ni nyama ya mzizi wenyewe, hazikupachikwa juu ya kitu chochote, na kanuni haikuzungumzia mizizi. Ilizungumzia kiambishi tamati. Maneno yanayojengwa juu ya mizizi hiyo, kama Ursprung (asili) na Vorsprung (kutangulia mbele ya wengine), nayo yanabaki na der. Wingi wake pia unakuthibitishia: nomino za kweli za -ung huwa na wingi wa -ungen, die Wohnungen, die Rechnungen, ilhali Sprung huwa Sprünge.

Jaribio hilo la kuondoa mwisho na kutazama kinachobaki ndilo ninalotaka ulishike kuliko orodha yoyote ya viambishi. Vitabu vingi hutoa kanuni kisha vikaongeza mstari wa mambo yasiyofuata kanuni, na mwanafunzi akakariri vyote viwili kwa uzito sawa. Ukiyachunguza hayo yanayoitwa yasiyofuata kanuni, mengi ni maneno ambayo mwisho wake unafanana na kiambishi kwa sauti tu.

Chukua -ei. Die Bäckerei ni mahali pa mwokaji, Bäcker. Die Metzgerei ni bucha, mahali pa Metzger. Die Bücherei ni maktaba, na ndani yake yamo Bücher, vitabu. Kiambishi hiki hubeba mkazo wa neno zima, yaani sauti hupanda mwishoni, na nomino zake ni za die. Das Ei (yai), der Brei (uji mzito) na der Schrei (ukelele) hazina kitu kinachobaki ukiondoa -ei, kwa hiyo hazihusiki. Hapa, hata hivyo, nakuonyesha pia mpaka wa jaribio lenyewe. Die Polizei na die Partei (chama cha siasa) ni za die ingawa ukiondoa mwisho hubaki na kipande kisicho na maana katika Kijerumani cha leo, na der Papagei (kasuku) naye huacha kipande cha aina hiyohiyo lakini ni wa der. Maneno yaliyokopwa kutoka lugha nyingine hayakujengwa kwa matofali ya Kijerumani, na ndiyo maana jaribio halina nguvu kamili juu yake. Ukikutana na neno la namna hiyo, ichukulie kanuni kama dalili njema tu, kisha litazame kwenye kamusi.

Kuna viambishi ambavyo huhitaji kuvijaribu hata kidogo. Nomino za -heit na -keit ni za die bila ubaguzi: die Krankheit (ugonjwa), die Gesundheit (afya), die Möglichkeit (uwezekano), die Schwierigkeit (ugumu). Nomino zenye kiambishi -schaft ni za die, kama die Gesellschaft (jamii, au kampuni) na die Gewerkschaft (chama cha wafanyakazi), na za -tät vilevile, kama die Universität. Kwa maneno ya asili ya Kilatini yanayoishia -tion au -sion unaweza kuandika die bila kusita: die Information, die Operation, die Version. Jihadhari tu usiifupishe kanuni hii ikawa -ion peke yake, kama wengi wafanyavyo, kwa maana utaingiza das Stadion (uwanja wa michezo), der Spion (mpelelezi) na der Skorpion (nge) mahali pasipowahusu. Ni kweli die Region, die Religion na die Million zimo upande wa die, na kwa hiyo -ion ni dalili nzuri. Lakini dalili nzuri si sawa na kanuni isiyovunjika, na mwanafunzi anayetofautisha mambo hayo mawili huendelea haraka zaidi.

Upande wa das, kiambishi chenye nguvu kuliko vyote ni -chen, kinachofanya kazi inayofanana na ki- yetu ya udogo. Brot ni mkate, das Brötchen ni mkate mdogo wa mviringo unaouzwa kila asubuhi. Der Hund ni mbwa, das Hündchen ni kijibwa. Die Katze ni paka, das Kätzchen ni kijipaka. Tazama kwamba jinsia ya neno la msingi haina sauti tena: hata iwe der au die, -chen huleta das. Huo ndio ufafanuzi wa das Mädchen (msichana), neno linalowashangaza wageni wote. Halikuwekwa kwenye das kwa sababu Wajerumani hawamhesabu msichana kuwa wa kike. Limewekwa huko na kiambishi chake.

Hapa Mswahili ana jambo la kujirekebisha. Kwetu, nomino ikiwa na umbo la ki- lakini ikitaja mtu, maana ndiyo inayoshinda: tunasema kijana amefika, hatusemi kijana kimefika. Kijerumani hufanya kinyume karibu na nomino. Artikeli, kivumishi na kiwakilishi cha kurejesha hufuata umbo: das kleine Mädchen, das dort steht, yaani msichana mdogo anayesimama pale. Maana hupata nafasi baadaye, katika sentensi inayofuata, ambapo Wajerumani wengi humtaja msichana huyo kwa sie, kiwakilishi cha kike. Ukilizoea jambo hili kwenye Mädchen, umelizoea kila mahali ambapo kiambishi na maana vinavutana.

Na -chen ina maneno yanayoiga umbo lake: der Kuchen (keki), der Knochen (mfupa), der Rachen (koo la ndani). Jaribio la kuondoa linatosha, kwa kuwa Ku, Kno na Ra si maneno. Lakini sikio nalo litakusaidia. Katika kiambishi -chen, herufi ch daima hutamkwa laini, mbele ya kinywa, sauti ileile ya neno ich. Katika Kuchen na Knochen hutamkwa nyuma, karibu na kh ya neno kheri kwa wale wanaoitamka kwa lafudhi ya Kiarabu. Mwulize Mjerumani atamke Brötchen na Kuchen moja baada ya jingine, nawe utasikia jinsia mbili kabla hujafikiria sarufi yoyote.

Sasa nifike kwenye mwisho wa -er, ambao kwa maoni yangu huharibu sentensi nyingi za wanaoanza kuliko mwisho mwingine wowote. Wanafunzi husikia kwamba -er ni ya der, nayo ni kweli kwa kiambishi kinachomtaja mtenda au chombo: der Fahrer (dereva) kutoka fahren, der Drucker (mashine ya kuchapia) kutoka drucken, der Wecker (saa ya kuamshia) kutoka wecken. Wakishalijua hilo huandika der mbele ya kila neno linaloishia -er, wakakosea das Zimmer (chumba), das Fenster (dirisha), das Wasser (maji), die Butter (siagi) na die Nummer (namba). Anayekwenda kufanya kazi ya uuguzi ataona wodini das Fieber (homa), die Leber (ini), die Schulter (bega) na der Finger (kidole), jinsia zote tatu chini ya mwisho mmoja. Hapa kuna swali moja tu la kuuliza: je, kuna kitenzi ndani yake, na je, neno hili linamtaja yule atendaye kitendo hicho? Fahrer anaendesha, Drucker inachapa. Zimmer na Fenster hazitendi lolote.

Swali hilo lina sehemu mbili kwa makusudi, na neno das Messer linaonyesha kwa nini. Kijerumani kina kitenzi messen, kupima, na mwanafunzi anayetazama herufi tu atasema Messer inatoka humo, kwa hiyo ni ya der. Lakini das Messer ni kisu, na kisu hakipimi. Neno hilo lina historia nyingine na halimtaji mpimaji. Kikiwa ni kipimo kweli, kama der Geschwindigkeitsmesser, chombo cha kupimia mwendo, basi -er ni kiambishi halisi na der inarudi. Ni vivyo hivyo kwa Leiter: der Leiter ni kiongozi au mkuu wa idara, kutoka leiten, kuongoza, ilhali die Leiter ni ngazi ya kupandia, na hakuna kitenzi ndani yake.

Mwisho wa -e una tabia tofauti. Hauna kanuni kamili, lakini nomino nyingi sana zinazoishia -e ni za die, na kwa neno la kitu ambalo hulijui, die ndiyo bahati nzuri kuliko nyingine zote: die Straße, die Tasche, die Tablette, die Spritze (sindano ya dawa), die Salbe (marhamu). Yanayotoka nje ya mkondo huo yana mpangilio wake. La kwanza ni kundi la watu na wanyama wa kiume, kama der Kunde (mteja), der Kollege (mwenzako kazini), der Junge (mvulana), der Löwe (simba). Haya hupokea -n kila yanapoacha kuwa kiima, na kwa hiyo utasema ich kenne den Kollegen, namfahamu mwenzangu huyo. La pili ni kundi dogo la mambo ya fikra na maandishi: der Name (jina), der Buchstabe (herufi), der Gedanke (wazo), der Wille (nia), der Glaube (imani). Yanayobaki ni machache kiasi cha kukaririwa jioni moja: der Käse (jibini), das Auge (jicho), das Ende (mwisho), das Interesse. Ukiliona neno linaanza na Ge- na kuishia -e, kama das Gebäude (jengo), das Gemüse (mboga) au das Gebirge (safu ya milima), lielekeze kwenye das, kwa maana Ge- ya kukusanya ina nguvu kuliko -e ya mwishoni.

Nasema Ge- ya kukusanya kwa uangalifu, kwa sababu Ge- yenyewe haiaminiki. Das Gepäck (mizigo ya safari), das Gespräch (mazungumzo) na das Gesetz (sheria) hutii, lakini der Geschmack (ladha), der Geruch (harufu), die Gefahr (hatari), die Geburt (uzazi), die Geschichte (historia, hadithi) na die Gebühr (ada) hazitii, na yote haya ni maneno ya kila siku. Ile -nis nayo imegawanyika: sehemu kubwa ni ya das, kama das Ergebnis (matokeo), das Zeugnis (cheti) na das Gefängnis (gereza), na sehemu isiyo ndogo ni ya die, kama die Erlaubnis (ruhusa) na die Kenntnis (ujuzi). Kwa viwili hivi ningekushauri usikisie kamwe ukiwa na kamusi karibu.

Maana ya neno pia hutoa jinsia, ingawa kwa upana mdogo kuliko mwisho wake. Siku, miezi na majira ni za der: der Montag, der Januar, der Sommer. Hali za hewa kwa kawaida ni za der, kama der Regen, der Wind, der Schnee, lakini die Wolke (wingu) hufuata -e yake na das Gewitter (mvua ya radi) hufuata Ge- yake. Vileo ni vya der, der Wein, der Schnaps, isipokuwa das Bier, neno ambalo hakuna atakayekuruhusu kulisahau ukiwa Ujerumani. Kitenzi chochote kikigeuzwa nomino bila kubadilishwa umbo huwa cha das, na hapa hakuna hata kimoja kinachotoka nje: das Essen, das Lernen, das Warten. Namba zikitajwa kama nomino ni za die, na ndiyo maana mwanafunzi wa Kijerumani aliyefaulu vizuri kabisa husema amepata eine Eins.

Lililo zuri zaidi katika kanuni za maana ni kwamba majina ya pekee hufuata aina ya kitu kinachoitwa, hata jina lenyewe liwe na umbo gani. Magari ni ya der, kwa sababu ya der Wagen: der Toyota, der Mercedes. Pikipiki ni za die, kwa sababu ya die Maschine: die Yamaha. Kwa hiyo der BMW ni gari na die BMW ni pikipiki, na artikeli peke yake ndiyo inayomwambia msikilizaji umekuja na nini. Meli ni za die. Ile meli iliyojengwa mwaka 1913 huko Papenburg na kuletwa Ziwa Tanganyika iliitwa Graf Goetzen, kwa jina la gavana wa Kijerumani. Graf, yaani mwenye cheo cha ukabaila, ni neno la der, na aliyekuwa na cheo hicho alikuwa mwanamume. Hata hivyo Wajerumani wakiitaja meli husema die Graf Goetzen, na kwa jina lake la sasa husema die Liemba. Milima ni ya der kutokana na der Berg, na kwa hiyo ni der Kilimandscharo, ilhali mlima mrefu kuliko yote Ujerumani ni die Zugspitze, kwa sababu jina hilo linaishia kwa neno die Spitze, kilele.

Mfano wa Zugspitze unatufikisha kwenye nomino ambatani, ambapo kanuni ni moja na ni imara: neno la mwisho ndilo linalotawala. Ngoja niipitie nawe kwa vitendo. Chukua barua ya aina inayoweza kumfikia mgeni, ikimtaka alete nyaraka zifuatazo, zimeorodheshwa bila artikeli: Antrag, Reisepass, Mietvertrag, Meldebescheinigung, Krankenversicherungsnachweis, Zeugnis, Lichtbild, Gebühr. Unataka kuandika jibu lenye sentensi kamili, na kamusi huna.

Anza na lililo rahisi. Meldebescheinigung, hati ya kuthibitisha anwani, inaishia -ung, na ukiiondoa utapata bescheinigen, kuthibitisha kwa maandishi. Ni die. Antrag (ombi rasmi) na Mietvertrag (mkataba wa kupanga) zote zina -trag mwishoni, mzizi wa vitenzi kama beantragen na tragen, na hauna kiambishi kilichoongezwa. Mizizi ya vitenzi inayosimama wazi namna hiyo kwa kawaida ni ya der, kama der Anfang (mwanzo), der Anruf (wito wa simu) na der Besuch (ziara), ingawa das Spiel na das Angebot hukukumbusha kwamba ni kawaida tu, si sheria. Hapa kawaida inashika: der Antrag, der Mietvertrag.

Krankenversicherungsnachweis ndilo neno la mtego. Jicho la mgeni huona Krankenversicherung, bima ya afya, likakamatwa na -ung na mkono ukaandika die. Lakini -ung hiyo imo katikati ya neno, na katikati haina mamlaka. Soma hadi mwisho: Nachweis, uthibitisho, mzizi wa kitenzi nachweisen bila kiambishi, kwa hiyo der. Ile -s- iliyopo kati ya Versicherung na Nachweis ni kiungo tu, nayo ni alama nzuri ya kukuonyesha mahali neno la mwisho linapoanza, kwa sababu nomino za -ung zikitangulia neno jingine hufuatwa na -s- hiyo karibu kila mara.

Zeugnis inaishia -nis, ambako das ina uwezekano mkubwa, na hapa ndivyo ilivyo. Gebühr ingeonekana kuwa ya das kwa Ge- yake, lakini ni mojawapo ya zile nilizozitaja zisizotii, nayo ni die. Zimebaki Reisepass na Lichtbild, pasipoti na picha ya pasipoti, ambazo neno lao la mwisho ni la silabi moja, Pass na Bild; haya ni ya kukariri, der Pass na das Bild. Ukishalikariri Bild mara moja, umepata das Lichtbild, das Röntgenbild (picha ya eksirei) na das Krankheitsbild (sura ya ugonjwa), yote kwa gharama ya neno moja. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi waanze kukariri maneno mafupi yanayojirudia mwishoni mwa maneno marefu, kama Schein, Haus, Amt, Stelle na Karte, kabla ya kuhangaika na yaliyo marefu.

Sentensi yako sasa itasomeka hivi: Ich bringe den Antrag, den Reisepass, den Mietvertrag, die Meldebescheinigung, den Krankenversicherungsnachweis, das Zeugnis und das Lichtbild mit. Die Gebühr bezahle ich vor Ort. Utaona kwamba katika nafasi ya yambwa ni der pekee iliyobadilika ikawa den. Hilo lina faida kwa anayejifunza: nomino za der zikaririwe ndani ya sentensi fupi yenye den, kama ich suche den Pass, kwa kuwa die na das hazibadiliki hapo na sikio litazitenga zenyewe. Anayekariri der Pass peke yake huwa anajua jinsia kwenye karatasi, lakini akifungua kinywa husema ich suche der Pass, na msikilizaji hawezi kujua kama tatizo ni jinsia au ni nafasi ya neno katika sentensi.

Kanuni ya neno la mwisho ina mambo machache yanayoipinga kwelikweli. Neno Wort ni la das, lakini jibu ni die Antwort. Woche ni ya die, lakini Jumatano ni der Mittwoch, kwa kuwa imevutwa na siku nyingine za juma. Mut (ujasiri) ni ya der, na der Hochmut (majivuno) hufuata, ilhali die Demut (unyenyekevu) na die Armut (umaskini) hazifuati. Kwa Armut sababu ni kwamba -ut yake si neno Mut hata kidogo, bali ni kiambishi kilichoongezwa kwenye arm, maskini. Teil (sehemu) kwa kawaida ni ya der, lakini kinyume ni das Gegenteil. Zaidi ya hayo utakutana na machache mno.

Ukifungua kamusi ya Duden mtandaoni, chini ya neno utaona Substantiv, feminin, au maskulin, au Neutrum, na katika kamusi ndogo za kuchapishwa herufi f, m na n. Baadhi ya maneno yana alama mbili, na hapo usidhani kamusi imekosea. Wengine husema der Virus na wengine das Virus, hasa madaktari. Joghurt husikika kwa der na kwa das. Tofauti nyingine ni za nchi: Mjerumani wa kaskazini huagiza eine Cola, Mwaustria huagiza ein Cola, na kusini mwa Ujerumani utawasikia wazee wakisema der Butter mezani kwao. Katika mtihani na katika barua rasmi andika jinsia inayotajwa kwanza na kamusi, na mezani zungumza kama wenyeji wako wanavyozungumza.